Bei ya Zamani Ina Tarehe ya Kuisha

Katikati ya mwaka 2016, watu watatu wa mtaa mmoja huko Marekani wangeweza kutazama filamu ileile ya Netflix, kwa kifurushi kilekile cha picha ang'avu na vioo viwili kwa wakati mmoja, huku kila mmoja akilipa bei yake. Aliyejiunga kabla ya Mei 2014 alikuwa akilipa dola 7.99 kwa mwezi. Aliyekuja baada ya hapo alilipa 8.99. Aliyejiunga baada ya Oktoba 2015 alilipa 9.99. Hapakuwa na kosa lolote kwenye hesabu. Kampuni ilikuwa imepandisha bei mara mbili, na kila ilipopandisha iliwaacha wateja wa zamani kwenye bei yao kwa muda.

Tahadhari hiyo ilitokana na kidonda cha mwaka 2011. Netflix ilitenganisha kukodisha diski na kutazama kwa intaneti, na mteja aliyekuwa akipata vyote viwili kwa dola 9.99 akatakiwa kulipa 15.98. Wenyeji na wageni walipandishiwa bila kubaguliwa. Katika robo ya tatu ya mwaka huo kampuni ilipoteza wateja wapatao 800,000 nchini Marekani. Ndiyo maana mwaka 2014 ilipandisha dola moja tu, tena kwa wateja wapya peke yao, na wa zamani wakaahidiwa miaka miwili ya bei yao ileile.

Miaka miwili: hapo ndipo wengi wanapoteleza. Tunaposikia kwamba bei yetu haitaguswa, tunaibeba kama haki ya kudumu, ilhali mara nyingi kilichotolewa ni ahirisho lenye tarehe. Ahadi ya 2014 ilikoma Mei 2016. Waliokuwa wakilipa 8.99 walikuwa wamepewa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2016.

Tumfuate yule mteja wa kwanza. Kwa miezi kama 17 alilipa dola moja pungufu ya mgeni, kisha kwa miezi 7 hivi akalipa dola mbili pungufu. Jumla aliokoa kama dola 31, na hizo ni fedha za kweli. Lakini muda ulipokwisha, bei yake iliruka kutoka 7.99 hadi 9.99 kwa mara moja, yaani asilimia 25. Jirani yake wa 8.99 alikuja kuongezewa asilimia 11 tu. Aliyekaa muda mrefu zaidi ndiye aliyepata mruko mkubwa zaidi, kwa sababu ongezeko mbili zilizompita zilikuwa zikimsubiri mlangoni.

Alikuwa na njia nyingine: kubaki kwenye 7.99 kwa kukubali kifurushi cha chini, chenye picha ya ubora wa kawaida na kioo kimoja. Hilo nalo ni ongezeko la bei, kwa maana fedha ni zilezile na kinachopatikana kimepungua. Mwenye kulinganisha bei bila kulinganisha kifurushi anaweza kudhani ameokoka.

Kampuni nayo haikupita salama. Kwa robo ya pili ya 2016 ilitarajia wateja wapya milioni 2.5 duniani kote, ikapata milioni 1.7 hivi. Maelezo yake yalikuwa kwamba waliojiunga walifikia matarajio, ila waliojiondoa waliongezeka, kwani baadhi ya watu walizipokea habari zile kama ongezeko jipya badala ya mwisho wa ahadi ya zamani. Hisa zake zilishuka kwa takriban asilimia 13. Ninaona wateja walikuwa na hoja. Kwa anayelipa, bei hupanda siku mfuko wake unapoguswa, hata kama ilitangazwa miaka miwili nyuma.

Kwa hiyo ukiambiwa na kampuni yoyote kwamba utabaki kwenye bei ya zamani, tafuta kwanza tarehe ya mwisho. Isipotajwa, usidhani haipo. Angalia kama masharti yanairuhusu kampuni kubadili bei kwa kukupa notisi, maana mengi yanaruhusu. Kisha angalia ni kitendo gani kitakachokutoa kwenye bei hiyo. Kwa kawaida ni kubadili kifurushi, au kujiondoa na kurudi baadaye, kwani anayerudi huhesabiwa mteja mpya. Wakati mwingine hata kadi ikikataliwa na usajili ukafungwa, unarudi kwa bei ya leo. Mtu anayejiondoa kwa mwezi mmoja wa safari ili kuokoa dola 8 anaweza kurudi akalipa dola 2 zaidi kila mwezi, na kufikia mwezi wa tano akiba yote imeshaliwa.