Tenki la chini limejaa, bomba ni kavu: namna ya kumwandikia mwenye nyumba

Mwenye nyumba anayeishi Dodoma, Mwanza au ng'ambo halioni bomba lako. Habari za nyumba yake ya Dar es Salaam anazipata kwa msimamizi, kwa simu za wapangaji wenye hasira, au kwa barua pepe. Simu ikishakatwa, kila mtu anakumbuka anachotaka. Barua pepe inabaki na tarehe yake, na inaweza kusomwa tena miezi sita baadaye mbele ya mtu wa tatu. Ndiyo maana inafaa iandikwe vizuri tangu ya kwanza.

Udhaifu mkubwa wa barua nyingi za malalamiko ya maji ni kwamba zinamlaumu mwenye nyumba kwa ukame, mgao, pampu mbovu na bili ya mamlaka, vyote kwa pamoja. Akijibu kwamba mgao si wake, atakuwa amesema kweli, na barua nzima itakuwa imejibiwa. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam inatoka mto Ruvu, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mto ulipopungua kwa ukame mwishoni mwa 2022, DAWASA ilitangaza mgao, na hakuna mwenye nyumba ambaye angeweza kuuzuia. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, tafuta kwanza maji yanakwamia wapi.

Katika nyumba nyingi za ghorofa, maji yanapita njia moja. Yanaingia kupitia mita, yanajaza tenki la chini kwa nguvu yake yenyewe, pampu inayapandisha kwenye tenki la juu, kisha yanashuka kwa mabomba hadi jikoni na bafuni. Ukiifuata njia hiyo kuanzia getini, utajua mwenye jukumu ni nani. Kama majirani wa mtaa mzima hawana maji na mita haizunguki, tatizo ni la mamlaka. Kama majirani wanapata maji lakini mita yenu imetulia siku za zamu yenu, uliza kama huduma imekatwa kwa deni la bili. Mara nyingi akaunti ya maji imeandikishwa kwa jina la mwenye nyumba, kwa hiyo ufuatiliaji ni wake. Na kama tenki la chini lina maji huku la juu ni tupu, tatizo liko ndani ya nyumba, kwenye pampu au umeme wake.

Hapo kwenye pampu inafaa kutulia kidogo, kwa sababu ndipo wapangaji wanapoumbuka. Pampu ikiwa kimya kabisa, angalia LUKU yake kwanza. Kama mlikubaliana kuchanga umeme wa pampu na mchango wa mwezi huu haukukamilika, kosa ni lenu, na barua ya lawama itawarudia. Pampu ikizunguka bila kutoa maji, huenda imevuta hewa au valvu ya bomba la kuvutia inavuja. Ikinguruma bila kuzunguka kisha swichi ikajizima, huenda imekwama au kapasita imekufa. Ila wewe si fundi. Kwenye barua andika ulichokiona na kukisikia, na fundi ndiye atakayesema kilichoharibika.

Tuchukue mfano. Mpangaji wa ghorofa ya tatu amekosa maji mara kwa mara ndani ya mwezi Machi. Ameweka daftari dogo jikoni, na kila siku bomba likikauka anaandika tarehe, hali ya matenki mawili na kama majirani walikuwa na maji. Tarehe 21 anamwandikia mwenye nyumba, ambaye ni mtu mzima wa umri wa baba yake. Kichwa cha barua pepe yake ni hiki: "Kukosa maji fleti namba 6, siku 7 tangu tarehe 4 Machi: naomba fundi wa pampu." Na barua yenyewe inasema hivi:

"Shikamoo Baba,

Mimi ni mpangaji wako wa fleti namba 6, ghorofa ya tatu. Nakuandikia kuhusu maji.

Kati ya tarehe 4 na 20 Machi tulikosa maji bombani kwa siku 7: tarehe 4, 5, 11, 12, 13, 19 na 20. Fleti namba 4 na 5 nazo zilikosa maji siku hizohizo.

Tarehe 5, 12 na 20 niliyaangalia matenki pamoja na msimamizi. Mara zote tatu tenki la chini lilikuwa na maji na la juu lilikuwa tupu. Tarehe 12 na 20 msimamizi aliwasha pampu. Ilinguruma bila kupandisha maji, kisha swichi ikajizima. LUKU ilikuwa na umeme. Nimeambatisha picha za matenki za siku hizo tatu.

Nilimweleza msimamizi tarehe 5 na tarehe 13. Alisema anasubiri idhini yako ili amwite fundi.

Kwa siku hizo 7 tumechota maji tenki la chini, madumu 6 ya lita 20 kila siku. Kijana wa kuyapandisha nimemlipa shilingi 500 kwa dumu, jumla shilingi 21,000. Kipengele cha 5 cha mkataba wetu kinasema matengenezo ya mfumo wa maji ni ya mwenye nyumba.

Naomba mambo matatu. Kwanza, umruhusu msimamizi kumwita fundi aikague pampu kabla ya tarehe 25 Machi. Pili, unijibu kwa barua pepe kufikia tarehe 28 Machi, ukinieleza fundi ameona nini na kazi itakamilika lini. Tatu, tukubaliane kwa maandishi kama shilingi 21,000 zitapunguzwa kwenye kodi ijayo.

Naelewa kwamba mgao wa mtaa hauko mikononi mwako. Siku ambazo mtaa mzima haukuwa na maji sikuzihesabu hapa.

Ahsante. Nipo tayari kumfungulia fundi siku yoyote baada ya saa kumi jioni."

Chini yake ni jina na namba ya simu, na msimamizi ametumiwa nakala.

Barua hii haina neno hata moja la kumwambia mwenye nyumba kwamba ni mzembe au anajali kodi tu. Hata hivyo ni ngumu kuikwepa. Uzito wake unatokana na zile tarehe. Angeandika "kila siku hatuna maji", ingetosha mwenye nyumba kumpigia mpangaji mmoja aliyeoga asubuhi kwa maji ya bombani, na dai lote lingeonekana la uongo. Tarehe saba zilizotajwa haziwezi kujibiwa hivyo. Anayezipinga lazima aichukue moja moja na aseme siku hiyo kulikuwa na nini.

Uzito wa pili uko kwenye matenki. Sentensi inayosema la chini lina maji na la juu ni tupu inaondoa mgao kwenye mjadala. Sentensi ya LUKU nayo inaziba mlango mwingine ambao msimamizi angeweza kutokea. Na kwa kuwa mpangaji alikwenda kuangalia pamoja na msimamizi huyohuyo, taarifa hii si ya upande mmoja.

Hesabu ya madumu inaonyesha adha bila kulia. Madumu 6 ni lita 120. Kwa familia ya watu wanne, ni lita 30 kwa mtu kwa siku, za kupikia, kuoga, kufua na choo. Umoja wa Mataifa, ukinukuu Shirika la Afya Duniani, unataja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku kuwa ndizo zinazotosheleza mahitaji ya msingi. Mpangaji wetu hakuiweka hoja hiyo kwenye barua ya kwanza, na alifanya vyema, kwa sababu anachokitaka ni fundi wala si mjadala. Lakini akiandika ya pili, hesabu hiyo itamsaidia.

Angalia pia alivyoshughulikia zile shilingi 21,000. Hakusema atazikata, ameomba makubaliano ya maandishi. Mpangaji anayejikatia kodi bila ruhusa anampa mwenye nyumba lalamiko jipya, na habari inageuka kutoka kwenye pampu kuwa ya deni la kodi. Sasa anayetafutiwa makosa ni yeye.

Shikamoo na neno "Baba" havikupunguza ukali wowote. Kilichoachwa ni yale maneno ya barua za ofisini, "husika na kichwa cha habari hapo juu", pamoja na aya nzima ya kuulizia afya na familia. Mtu anayesoma kwenye simu huona mistari michache tu kabla ya kuamua kama ataendelea, na mistari hiyo inatakiwa ibebe namba ya fleti na siku zilizokosa maji.

Tarehe 28 ikipita kimya, usianze barua mpya. Ijibu ileile uliyotuma, ili ya kwanza ibaki chini yake, kisha ongeza siku mpya zilizokosa maji na utoe muda mwingine mfupi. Mtumie pia ujumbe wa simu wa mstari mmoja kumjulisha kwamba kuna barua pepe inayosubiri jibu. Wapangaji wenzako wakiwa na tatizo hilohilo, hii ya pili iandikwe kwa majina ya wote.

Katika barua hiyo ya pili ndipo sheria inapofaa kutajwa. Sheria ya Ardhi ya 1999, Sura ya 113, ina masharti yanayohesabiwa kuwemo kwenye upangaji hata kama mkataba haukuyaandika, na mojawapo ni kwamba nyumba ya kuishi iendelee kufaa kwa makazi muda wote wa upangaji. Ikishindikana kabisa, mgogoro unaanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, baraza hilo linasuluhisha tu na halitoi hukumu, na lina siku 30 za kufanya hivyo kabla shauri halijafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko barua zako zitakuwa na kazi, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokelewa kama ushahidi. Zichapishe zote kwa mfuatano wa tarehe, na majibu ya mwenye nyumba pia, hata yale yasiyokupendeza. Wajumbe watakaozisoma hawakujui wewe wala yeye, na watapima lugha ya kila mmoja wenu sambamba na tarehe zake.