Ng'ombe Anapoanguka Kwenye Majani Mabichi

Katika malisho ya Uholanzi, majira ya kuchipua ndiyo yaliyokuwa yakitisha. Ng'ombe waliotoka bandani wakaingia kwenye majani machanga walianguka na kufa ghafla, hadi mwanakemia Sjollema wa Utrecht alipoonyesha, karibu mwaka 1930, kwamba damu yao ilikuwa na upungufu wa magnesiamu.

Majani hayo yana magnesiamu kidogo na potasiamu nyingi, hasa yakiwekewa mbolea, na potasiamu huzuia magnesiamu kufyonzwa tumboni. Ng'ombe hana akiba anayoweza kuichota upesi, huku maziwa yakiendelea kuitoa kila siku. Anayenyonyesha, tena mwenye umri mkubwa, ndiye huumia zaidi.

Kwanza huacha kula na kusimamisha masikio, macho yakiwa makali. Misuli ya uso na mabega hutetemeka, anayumba, kisha anaanguka akipigapiga miguu na kutoa povu. Anaweza kufa ndani ya saa chache. Mwenye homa ya maziwa, kinyume chake, hulegea na kusinzia.

Daktari wa mifugo aitwe mara moja. Kelele na kumsumbua mnyama huweza kuamsha mtukutiko mwingine. Daktari hutia polepole mshipani mchanganyiko wa kalsiamu na magnesiamu, akisikiliza moyo, na huongeza magnesiamu salfeti chini ya ngozi. Magnesiamu ikiingia mshipani kwa kasi huua.

Akiinuka, bado anaweza kuanguka tena. Aondolewe kwenye malisho hayo, apewe nyasi kavu na takriban gramu 60 za magnesiamu oksidi kila siku, zikichanganywa na pumba kwa sababu haina ladha nzuri.