Yah: Jenereta

Afisa ugavi wa hospitali ya wilaya, tuseme hivyo, anataka mganga mkuu aidhinishe ununuzi wa jenereta. Bei ni shilingi milioni 48, na profoma ya muuzaji inaisha muda Ijumaa tarehe 14 Machi, saa 10 jioni. Jumanne asubuhi anaandika barua pepe iliyonyooka, anaambatisha profoma, kisha kwenye sehemu ya mada anaweka: “Yah: Jenereta”. Hadi Alhamisi hajajibiwa.

Ukimuuliza, atasema amefuata utaratibu, na ni kweli. Kwenye barua ya karatasi, kichwa cha “Yah” kilimfaa zaidi karani wa masjala, aliyetaka kujua barua iingie jalada gani. Neno “jenereta” lilimtosha. Mkubwa aliletewa jalada mezani na maelezo yote yakiwa ndani, tena mara nyingi likiwa na dokezo linaloeleza anachotakiwa kuamua. Barua pepe haina masjala. Inaangukia simuni mwa mkubwa pamoja na nyingine hamsini, naye anazipitia kwa kidole gumba akiwa ndani ya gari, akiamua ipi afungue sasa na ipi ingoje.

Basi afisa wetu anairefusha: “Maombi ya kupatiwa idhini ya ununuzi wa jenereta ya hospitali”. Ni Kiswahili safi cha ofisini, lakini hapa ndipo lugha yetu inapotutega. Tunapenda kufunga majina kwa mnyororo wa “ya” na “wa”, na kitu chenyewe kinakaa mwisho wa mnyororo. Simu nyingi huonyesha herufi thelathini hadi arobaini hivi za mada, kisha huikata. Hesabu herufi 39 pamoja na nafasi zake, na mkubwa ataona: “Maombi ya kupatiwa idhini ya ununuzi wa…” Ununuzi wa nini? Na lini? Chini yake, programu inaonyesha maneno ya kwanza ya barua yenyewe, nayo ni yale tuliyoyarithi: “Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.” Kichwa hakikusema kitu, na barua inamrudisha huko huko.

Jaribio la tatu ni “HARAKA SANA: Jenereta”. Haraka ya nani? Neno hilo linaeleza presha ya mwandishi, halimpi msomaji kipimo chochote. Anayelitumia kila wiki huzoeleka upesi, kama king’ora cha gari kinachojililia usiku kucha. Kinachopimika ni siku. Isiwe “kesho” wala “leo”, kwa sababu barua ya Alhamisi inaweza kufunguliwa Ijumaa, na “kesho” yake ikawa Jumamosi. Hata “kabla ya Ijumaa” ina utata: je, Ijumaa yenyewe imo?

Sasa aandike hivi:

“Idhini ya jenereta: mwisho Ijumaa 14/3 saa 10 jioni, sh. milioni 48”

Herufi 38 za kwanza zinaishia kwenye tarehe. Hata mada ikikatwa hapo, mkubwa ameshajua anatakiwa kufanya nini, kuhusu nini, na mwisho ni lini. Saa na bei zinafuata kwa mwenye kioo kipana. “Jioni” isiachwe, maana kuna wanaosoma saa 10 kwa mtindo wa Kizungu, wakaelewa saa 4 asubuhi.

Wapo watakaoona ni kumwamrisha mkubwa. Adabu ina nafasi yake ndani ya barua, na sentensi ya kwanza inaibeba vizuri: “Mheshimiwa, naomba idhini yako ya kununua jenereta kwa sh. milioni 48, profoma ikipita Ijumaa saa 10 jioni, tutalazimika kuomba bei upya.” Maneno hayo ndiyo yatakayochungulia chini ya mada badala ya “tafadhali husika”.

Si kila jambo linafaa kuwekwa wazi hivyo. Mada hutokea hata kwenye simu iliyofungwa ikiwa mezani, mbele ya wageni. Shauri la nidhamu la mtumishi lisitaje jina wala kosa: “Uamuzi wako, shauri la utumishi: mwisho Jumatatu 17/3” inatosha.

Na mazungumzo yakihama, mada ihame nayo. Baada ya majibu kadhaa chini ya “Idhini ya jenereta”, mtu anauliza kuhusu dizeli, na ombi jipya linazikwa chini ya idhini iliyokwisha kutolewa. Ukibadilisha mada, Gmail huanzisha mfululizo mpya, kwa hiyo ambatisha tena nyaraka anazozihitaji. Jenereta ikishafungwa, afisa wetu hahitaji jibu lolote, naye aseme hivyo: “Kwa taarifa tu: jenereta imefungwa, imewashwa 2/4”.