Kwa Nini Bei Hugoma Penye Sifuri

Oktoba 3, 2023, dola ya Marekani ilipanda hadi ikavuka kidogo yeni 150 za Japani. Haikudumu. Ndani ya muda mfupi mno iliporomoka hadi karibu yeni 147, kisha ikajikokota kurudi kwenye 149. Walioshuhudia kwenye skrini zao wengi walikuwa na jibu moja: serikali ya Japani imeingia sokoni kuuza dola, kama ilivyofanya mwaka mmoja nyuma. Mwisho wa mwezi Wizara ya Fedha ya Japani ikatoa hesabu zake. Kati ya Septemba 28 na Oktoba 27 haikuwa imetumia hata yeni moja kwa kazi hiyo.

Basi dola iliangushwa na nini? Wengi waliiogopa namba yenyewe. Kwa wiki kadhaa kila mtu alikuwa akisema kwamba Japani haitavumilia 150, na kila aliyekuwa na dola alijua wenzake wanaitazama namba hiyo hiyo. Bei ilipogusa hapo, wote wakakimbilia mlango mmoja.

Cha ajabu ni kwamba 150 haina uzito wowote wa kiuchumi. Mtu akiigeuza bei hiyo upande wa pili, atakuta yeni moja ni dola 0.00667, namba ambayo hakuna anayeikumbuka wala kuiogopa. Uduara wa namba umo katika namna soko lilivyozoea kuandika bei. Bidhaa za kiwandani, mishahara na riba havijui kama dola imefika 149.90 au 150.10. Wanaojua ni watu, na watu ndio wanaoweka oda.

Mtaalamu aliyelifuatilia jambo hili kwa karibu ni Carol Osler, mwanauchumi aliyekuwa Benki Kuu ya Marekani tawi la New York. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 aliingia mahali ambapo watu wa nje huwa hawafiki: daftari la oda la benki moja kubwa inayouza na kununua fedha za kigeni. Humo mlikuwa na oda zaidi ya 9,000 zilizowekwa kati ya Agosti 1999 na Aprili 2000, za dola kwa yeni, pauni kwa dola na euro kwa dola. Oda hizo zilikuwa za aina mbili ambazo kila anayefanya biashara ya foreksi kwa simu anazifahamu: oda ya kuvuna faida, inayofunga biashara bei ikifika unapotaka, na oda ya kukata hasara, inayokutoa sokoni bei ikienda kinyume nawe.

Kama watu wangechagua bei bila upendeleo, tarakimu mbili za mwisho zingegawana oda sawasawa, na 00 ingepata takriban moja kati ya mia. Haikuwa hivyo hata kidogo. Oda zilirundikana kwenye 00 kupita mahali pengine popote, kisha kwenye bei nyingine zinazoishia na sifuri, kisha kwenye tano. Ni kama mnunuzi sokoni anayetaja elfu kumi palepale. Hakuna anayeanza kwa kutaja 9,870.

Lakini uzito wa utafiti wa Osler uko kwenye tofauti ndogo kati ya oda hizo mbili. Oda za kuvuna faida zilikaa juu ya namba duara yenyewe. Oda za kukata hasara zilijificha hatua chache upande wa pili: za kuuza chini kidogo ya namba, za kununua juu yake kidogo. Ukilishika hilo, tabia mbili za bei ambazo huonekana kupingana zinaeleweka kwa pamoja.

Chukua mfano wa euro inayopanda kutoka 1.0930 kuelekea dola 1.1000. Walionunua chini wameagiza kuuza kwenye 1.1000, kwa hiyo bei ikifika hapo inakuta rundo la wauzaji na kusukumwa chini. Hiyo ndiyo rezistansi, kizuizi cha juu. Ikishuka kuelekea 1.0900, inakuta walioagiza kununua kwa namba hiyo, nayo inainuka. Hiyo ni sapoti, kizuizi cha chini. Sasa tuseme wauzaji wa 1.1000 wameisha na bei imeteleza hadi 1.1006. Hapo inawakuta waliokuwa wameuza euro wakitarajia ishuke, ambao oda zao za kukata hasara ni za kununua. Kila oda inayofyatuka inanunua, kila ununuzi unapandisha bei, na bei iliyopanda inafyatua oda inayofuata. Kizuizi kilichokuwa kigumu kinageuka mteremko ndani ya dakika.

Euro yenyewe ilitoa somo kamili mwaka 2022, iliposhuka kuelekea usawa na dola: euro moja kwa dola moja. Hapa namba ni duara pande zote mbili, ukiigeuza inabaki moja. Julai 12 ilikaribia kabisa ikakwama. Julai 13 ikachungulia chini kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2002, na kesho yake ikashuka tena hadi karibu 0.995. Hata hivyo hakuna siku ya Julai iliyofungwa chini ya moja; kila mara wanunuzi walijitokeza, na kabla mwezi haujaisha euro ilikuwa imerudi juu ya 1.02.

Sehemu ya ulinzi huo ilitoka kwa wachezaji ambao chati haiwaonyeshi. Katika soko la fedha kuna mikataba ya opsheni yenye kizuizi, ambayo hufa papo hapo bei ikigusa namba fulani, na namba hiyo mara nyingi huwa duara. Mwenye mkataba unaokufa kwenye 1.0000 ana kila sababu ya kununua euro bei inapofika 1.0010, ili isiguse. Namba ikishaguswa mkataba umekufa, na mlinzi wake hana tena kazi ya kufanya. Ndiyo maana kizuizi kilichogongwa mara kadhaa kinaweza kuwa kimebaki ganda tu, ingawa vitabu vingi vya wanaoanza hufundisha kwamba kadiri kinavyogongwa ndivyo kinavyozidi kuwa imara.

Agosti 22 siku ikafungwa chini ya moja. Je, hiyo ilikuwa ishara safi ya kuuza? Aliyeuza siku hiyo alilazimika kuvumilia euro ikirudi hadi karibu 1.02 katikati ya Septemba, kabla haijaanguka kweli hadi karibu 0.954 mwishoni mwa mwezi huo. Kufungwa kwa siku upande wa pili wa namba ni ushahidi mzuri kuliko kuchungulia kwa saa moja, lakini ni ushahidi tu. Namba duara ni eneo lenye upana. Anayeichora kama mstari mwembamba na kuweka pesa zake zote juu ya mstari huo atatolewa sokoni mara mbili au tatu kabla hajaona alichokuwa akikisubiri.

Kwenye kripto mambo ni yaleyale, ila moto umeongezwa. Novemba 22, 2024 bitikoini ilipita dola 99,000 na kukosa kidogo tu kufika 100,000. Wamiliki wengi walikuwa wameagiza kuuza kwenye laki moja, na wajanja zaidi waliuza kabla ya kufika, wakijua foleni iliyoko mbele. Siku nne baadaye bei ilikuwa chini ya 92,000. Hakuna kilichokuwa kimebadilika katika bitikoini yenyewe. Na kwa aliyekuwa akihesabu kwa euro, laki hiyo ya dola ilikuwa takriban euro 95,000, namba isiyomsisimua mtu. Lakini soko lilikuwa likihesabu kwa dola.

Desemba 5, baada ya Donald Trump kumtaja Paul Atkins kuongoza mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, laki moja ikavukwa na bei ikaruka hadi zaidi ya 103,000. Kisha ikaja sehemu iliyowaumiza wengi: kabla siku haijaisha, bei ilikuwa imeanguka kwa muda hadi chini ya 95,000.

Moto huo hutoka kwenye mkopo. Jukwaa la kripto linaweza kumruhusu mteja kushika biashara yenye thamani mara 50 ya fedha aliyoweka. Aliyenunua kwenye 100,500 kwa mkopo wa namna hiyo, bei ikishuka kwa asilimia 2 fedha yake yote imekwisha, na jukwaa humuuzia kwa nguvu mapema kidogo kabla ya hapo, yaani karibu na 98,500. Yeye hakuweka oda yoyote ya kukata hasara, jukwaa limemwekea. Wanaonunua kwa furaha mara tu namba duara inapovukwa ni wengi, kwa hiyo bei zao za kufilisiwa nazo hurundikana mahali pamoja, chini ya namba ileile. Bei ikirudi hapo, mlolongo ule wa Osler unaanza upya, na safari hii bila ridhaa ya mwenye mali.

Baadaye laki moja ilibadili upande. Mei 2025 bitikoini ilirudi juu yake, na Juni 22, katika taharuki ya mashambulizi ya Marekani dhidi ya Iran, ilishuka chini kidogo ya hapo na kuinuka haraka. Kilichokuwa rezistansi kilikuwa kimegeuka sapoti. Novemba mwaka huohuo sapoti hiyo nayo ikavunjika, na bei ikaendelea hadi karibu 80,000.

Haya yana matumizi gani kwa mwenye akaunti ndogo? Turudi kwa yule aliyenunua euro kwenye 1.0930, akiwa tayari kupoteza dola 30 na si zaidi. Kulenga faida kwenye 1.1000 ni kupanga foleni nyuma ya mabenki. Oda ya 1.0994 inamnyima pipsi sita, lakini ina nafasi nzuri zaidi ya kutimia bei ikigoma kabla ya namba. Oda ya kukata hasara kwenye 1.0898 ni mbaya zaidi, kwa sababu imekaa katikati ya rundo: bei ikichungulia chini ya 1.0900 kisha ikageuka, yeye ameshatoka. Akiishusha hadi 1.0885, umbali unakuwa pipsi 45 badala ya 32. Hapo wengi hukosea kwa kuacha ukubwa wa biashara uleule. Kwa loti 0.09, ambapo pipsi moja ni senti 90 za dola, pipsi 45 ni hasara ya dola 40.50. Akipunguza hadi loti 0.06 hasara yake ni dola 27, ndani ya kiasi alichokubali mwenyewe.

Anayeuza ana jambo la ziada. Chati nyingi za simu huchora bei ya kuuzia peke yake, wakati biashara yake hufungwa kwa bei ya kununulia, ambayo huwa juu kidogo. Habari kubwa zikitoka, pengo kati ya bei hizo mbili hupanuka. Oda yake iliyokaa juu kidogo ya namba duara inaweza kufyatuka ingawa chati inaonyesha bei haikufika hapo. Kwa hiyo, kabla ya kumlaumu broka, washa mstari wa bei ya kununulia kwenye chati yako na uangalie tena dakika ile.