Pauni Ngapi kwa Mtumaji Mmoja wa Kweli?

Kampuni inayotuma pesa kutoka Uingereza kwenda Kenya haipati hata senti moja pale mtu anapopakua programu yake. Haipati kitu anapojisajili, wala anapopiga picha ya pasipoti na kuituma. Mapato yake huanza siku ambayo mtu huyo anaingiza kiasi, anabonyeza kutuma, na pesa zinaingia kwenye M-Pesa ya mama yake kule Kakamega. Lakini ripoti nyingi za kampeni hujaa mambo yaliyotangulia siku hiyo: maelfu walioliona tangazo, mamia walioligusa, wangapi wamepakua.

Kipimo kinachofika kwenye ukweli ni gharama kwa kila muamala wa kwanza uliothibitishwa. Maana yake ni kiasi kilichotumika kumpata mtu mmoja mpya, wa kweli, ambaye pesa zake zimemfikia mlengwa. Jambo hili linamhusu kila mwenye ndugu ughaibuni, kwa sababu hatimaye anayelipia matangazo ni mtumaji, kupitia ada au kupitia kiwango cha kubadilishia fedha kilichopunguzwa kidogo. Mwaka 2015 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilijiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 gharama ya kutuma pesa za wahamiaji ishuke chini ya asilimia 3 ya kiasi kinachotumwa. Takwimu za Benki ya Dunia zimeendelea kuonyesha wastani wa zaidi ya asilimia 6, na Afrika kusini mwa Sahara iko juu ya wastani huo. Pesa zinazopotea kwenye matangazo yasiyoleta mtumaji hata mmoja zinafanya safari ya kufikia lengo hilo iwe ndefu zaidi.

Muamala uliothibitishwa ni upi?

Muamala wa kwanza haustahili kuhesabiwa kwa sababu tu programu imeandika kwamba pesa zimetumwa. Kuna maswali manne ya kujibiwa kwanza.

Swali la kwanza ni kama mtumaji amehakikiwa. Sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha zinaitaka kampuni imjue mteja wake, kwa hiyo humwomba kitambulisho na picha ya uso, kisha hulinganisha jina lake na orodha za watu waliowekewa vikwazo. La pili ni kama pesa zimelipwa upande wa pili. Muamala unaweza kukwama kwa sababu jina aliloandika mtumaji halilingani na lile lililosajiliwa kwenye laini ya mpokeaji, au kwa sababu akaunti ya M-Pesa imekaribia kikomo chake cha shilingi 500,000. Pesa zikirudi kwa mtumaji, hakuna kilichofanyika.

La tatu ni kama malipo yamebaki mahali pake. Mwenye kadi ya benki anaweza kudai kurudishiwa, na mwizi aliyetumia kadi ya mtu mwingine atafichuka pale mwenyewe anapoona makato asiyoyajua. La nne ni kama mtu huyu ni mpya kweli. Kampuni ikitoa bonasi ya pauni 10 kwa mtumaji wa mara ya kwanza, watajitokeza wanaofungua akaunti kwa jina la mke, la kaka na la mpangaji mwenzao, wote kwa simu moja, na pesa zote zikienda kwenye namba moja ya Nairobi. Simu ileile, kadi ileile au mpokeaji yuleyule kwenye akaunti kadhaa mpya ni dalili ya kuchunguza. Lakini dalili haitoshi kuwa hukumu: ndugu watatu wanaoishi nyumba moja Birmingham wanaweza kweli kumtumia mama mmoja.

Hesabu ya njia mbili

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ina kampeni ya mwezi mmoja kwa Wakenya wanaoishi Uingereza, na inatumia njia mbili. Ya kwanza ni matangazo ya mitandao ya kijamii kwa pauni 6,000. Ya pili ni mabalozi: watu wanaojulikana makanisani, misikitini, kwenye saluni na kwenye vyama vya akina mama, kila mmoja akiwa na namba yake ya ofa. Malipo yao na gharama za mikutano ni pauni 3,000.

Mitandao imeleta watu 3,000 waliopakua, yaani pauni 2 kwa kila mmoja. Mabalozi wameleta 400, yaani pauni 7.50 kwa kila mmoja. Meneja anayesoma ripoti na kuishia hapo atawaachisha mabalozi kazi siku hiyohiyo.

Sasa tuendelee. Kati ya watu 3,000 wa mitandaoni, 900 walijaribu kuhakikiwa na 240 walituma. Kati ya watu 400 wa mabalozi, 300 walijaribu kuhakikiwa na 200 walituma. Kila jaribio la uhakiki linaigharimu kampuni pauni 1, na kila aliyetuma mara ya kwanza alipewa bonasi ya pauni 10. Gharama hizi mara nyingi hukaa kwenye vitabu vya idara nyingine, kwa hiyo wenye kampeni huzisahau. Zikijumlishwa, mitandao imekula pauni 6,000, na 900 za uhakiki, na 2,400 za bonasi: jumla 9,300. Mabalozi wamekula 3,000, na 300, na 2,000: jumla 5,300.

Inabaki kuchuja. Kwenye miamala 240 ya mitandao, 50 ilikuwa ya watu waliojirudia ili kupata bonasi, 22 ilidaiwa na wenye kadi, na 18 haikulipwa upande wa Kenya. Imebaki 150. Kwenye miamala 200 ya mabalozi, 8 ilikuwa ya waliojirudia na 12 ilikwama kwa majina yasiyolingana. Imebaki 180. Kanuni yenyewe ni fupi:

Gharama kwa kila muamala = (matangazo + malipo ya mabalozi + uhakiki + bonasi) ÷ miamala iliyothibitishwa

Kwa mitandao, 9,300 gawa kwa 150 ni pauni 62. Kwa mabalozi, 5,300 gawa kwa 180 ni takriban pauni 29.40. Njia iliyoonekana rahisi karibu mara nne kwa kuhesabu waliopakua imekuwa ghali zaidi ya mara mbili.

Je, pauni 62 ni nyingi? Jibu linategemea mapato. Tuseme mtumaji wa kawaida hutuma pauni 150 kwa mwezi, na baada ya kulipa benki na mtandao wa simu, kampuni inabakiwa na asilimia 1.2, yaani pauni 1.80. Kurudisha pauni 62 kunahitaji miamala 35, karibu miaka mitatu ya kutuma kila mwezi. Kurudisha pauni 29.40 kunahitaji miamala 17, karibu mwaka mmoja na nusu. Mteja aliyevutiwa na bonasi tu hafiki huko. Kwa hiyo mpimaji makini huweka pembeni hesabu moja zaidi: wangapi kati ya waliothibitishwa walituma mara ya pili ndani ya siku 60 bila kupewa kitu.

Kusubiri

Kosa la kawaida ni kutoa hukumu mapema. Uingereza wengi hulipwa mshahara mara moja kwa mwezi, na wengi wao mwishoni mwa mwezi. Aliyepakua programu tarehe 5 anaweza kukaa wiki tatu bila kutuma, na bado ni mteja mzuri. Ukipima kampeni baada ya wiki moja, utawahesabu wenye haraka ya bonasi na kuwakosa wanaosubiri mshahara. Njia nzuri ni kuwapanga watu kwa wiki waliyojisajili, kisha kulipa kila kundi siku 30 kabla ya kulisoma. Kundi la wiki hii lisilinganishwe na la mwezi uliopita kana kwamba umri wao ni mmoja. Majira nayo yana nguvu zake: kundi la Desemba na la Januari, wakati wa Krismasi na karo za shule, litapendeza kuliko la Februari hata kama tangazo ni lilelile.

Hata siku 30 hazifungi mlango. Kwa madai mengi ya kadi za Visa na Mastercard, dirisha la kudai hufika siku 120. Kwa hiyo hesabu ya mwezi wa kwanza iandikwe kuwa ya muda, na irudiwe madai yanapokuwa yamekwisha kuingia.

Nani aliletwa na tangazo?

Swali gumu zaidi ni kama mtu aliyetuma aliletwa na kampeni, au angekuja mwenyewe. Tangu Aprili 2021, simu za Apple zinamtaka mtumiaji aruhusu kabla programu haijamfuatilia kwenye programu na tovuti za kampuni nyingine, na wengi hukataa. Ndiyo maana namba za ofa za mabalozi zina thamani: zinaonekana kwenye kumbukumbu za kampuni yenyewe. Hata hivyo, nazo hudanganya. Mtu aliyekwisha kuamua kujisajili anaweza kuomba namba ya balozi dakika ya mwisho kwa ajili ya pauni 10.

Dawa yake ni kuacha baadhi ya miji bila kampeni. Mabalozi wafanye kazi Leicester na Reading, wasiende Leeds wala Coventry, halafu watumaji wapya walinganishwe na wale wa kila mji kabla ya kampeni. Tuseme kwa kulinganisha hivyo inaonekana kwamba watu 60 kati ya wale 180 wangekuja kwa vyovyote. Kampeni imeleta 120, na gharama ya kila mmoja inapanda kutoka pauni 29.40 hadi takriban 44. Bado ni bora kuliko 62, lakini zile 62 nazo zinastahili kupitishwa kwenye jaribio hilohilo kabla hazijalinganishwa.

Kipimo kisiwaumize watu

Kipimo hiki kina hatari yake. Balozi akilipwa kwa kila muamala wa kwanza, atavutiwa kuugawa mmoja uwe mitatu. Dawa ni kumlipa sehemu mwanzoni na iliyobaki baada ya mtu wake kutuma mara ya pili. Kwa upande mwingine, wakubwa wakiitaka gharama ishuke upesi, wahakiki wanaweza kusukumwa walegeze ukaguzi. Hapo kampuni inajiweka mikononi mwa wezi na wa mamlaka ya usimamizi wa fedha.

Pia wapo wanaoachwa nje bila kosa. Mgeni aliyefika juzi, asiye na bili yenye jina lake, au mwenye majina yaliyopangwa tofauti kwenye pasipoti na kwenye akaunti ya benki, ataanguka kwenye uhakiki ingawa ni mtumaji halali. Katika jedwali ataonekana kama gharama tupu. Kampuni yenye busara husoma sababu za kukataliwa moja moja, na ikikuta mamia wameangukia kwenye kasoro ileile ya jina, hurekebisha fomu kabla ya kununua tangazo jingine. Mara nyingi huko ndiko kwenye punguzo kubwa la gharama.

Kwa hiyo anayelipia kampeni ya diaspora adai namba hii, na adai iletwe pamoja na maelezo matatu: gharama zipi zimejumlishwa, siku ngapi zimesubiriwa, na wangapi wangekuja bila tangazo. Ripoti isiyoyajibu hayo isipewe bajeti ya mwezi unaofuata.