Alijisahihishia hesabu, akagundua mtoto amepungua

MATAMBARALE, Lindi. Mama mmoja aliyeacha shule darasa la nne hujifundisha hesabu usiku, kwa kitabu cha zamani chenye majibu nyuma. Juzi alifanya zoezi la desimali: namba ipi ni kubwa? Alipojisahihisha, alikuwa amekosa manne kati ya manane.

Hakuyafuta. Aliyatazama moja moja, akaona kwamba penye tarakimu sawa baada ya nukta, kama 3.45 na 3.12, alipata. Zilipotofautiana idadi, alikosa. Aliandika 1.25 ni kubwa kuliko 1.5, kwa kuwa 25 inaizidi 5.

Alidhani kitabu kimekosea, mpaka alipokumbuka mizani ya korosho pale chama cha msingi. Kilo 1.5 ni moja na nusu, 1.25 ni moja na robo. Akaongeza sifuri, 1.50, na jibu likaonekana.

Hapo akaikumbuka kadi ya kliniki. Mwezi uliopita mwanawe alikuwa na kilo 8.5, mwezi huu 8.25. Alikuwa akifurahi kwamba mtoto kaongezeka. Kumbe kapungua gramu 250, na mstari wa ukuaji kwenye kadi ulikuwa umeshuka.

Hakungoja tarehe ya kliniki. Asubuhi alimbeba mtoto hadi zahanati.

"Dada, amepungua," alimwambia muuguzi. "Aliharisha siku tatu, nikaona amepona."

Muuguzi alimpima upya mtoto, kisha akamuuliza mama anamlisha nini, na mara ngapi kwa siku.