Lehemu ya Risasi na Stani: Nini Huganda Kwanza?

Risasi tupu huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na stani tupu kwenye 232. Lakini aloi yenye stani asilimia 62 hivi huyeyuka kwenye 183 tu. Hiyo ndiyo nukta ya yutektiki.

Kwenye mchoro, kiasi cha stani husomwa kushoto kwenda kulia, na joto chini kwenda juu. Mistari miwili hushuka kutoka kila metali na kukutana kwenye nukta hiyo. Juu ya mistari, vyote ni kimiminika. Chini ya 183, vyote ni yabisi.

Chukua lehemu yenye stani asilimia 40. Ikipoa hadi karibu 238, inagusa mstari wa juu, na chembe zenye risasi nyingi huanza kuganda. Kimiminika kinachobaki huzidi kuwa na stani. Ikikaribia 183, piga mstari wa mlalo: kushoto unakuta yabisi yenye stani asilimia 19, kulia kimiminika chenye 62. Gawanya (40 − 19) kwa (62 − 19): takriban nusu bado ni kimiminika. Nusu hiyo huganda yote kwenye 183, ikiwa tabaka nyembamba za metali zote mbili zilizopishana.

Kwa hiyo, kati ya 238 na 183 lehemu hii ni kama uji. Fundi akitikisa waya wakati huo, kiungo huweza kupata nyufa na kufifia. Lehemu ya yutektiki haina kipindi hicho, ndiyo maana hupendwa kwenye saketi.